"Sita mbili": uchambuzi wa kisa cha pesa iliyokwenda kwa mtu mwingine

Kisa hiki kilitokea kwenye dirisha langu la uwakala. Nimeondoa jina la mtandao, mahali na tarehe, na namba ya simu nimeificha yote isipokuwa tarakimu nne, maana bila hizo nne kisa hakieleweki. Wahusika ni mteja, mama wa makamo. Kijana anayekaa dirishani kwangu. Muuza mbao aliyekuwa anasubiri pesa. Na mtu wa nne ambaye siku ile hakuna kati yetu aliyekuwa anamjua.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu moja. Kijana wangu hakuruka hatua. Aliuliza kiasi, aliirudia namba, alitaja jina. Pesa ikapotea hivyo hivyo.

Usuli

Mteja alikuja na fedha taslimu akitaka ziende kwa mtu aliye mbali. Njia iliyonyooka ni yeye kuweka pesa kwenye laini yake mwenyewe, kisha atume kwa mkono wake. Akifanya hivyo, jina la mpokeaji linatokea kwenye simu yake, namba ya siri anaweka yeye, na ujumbe wa uthibitisho unabaki kwake. Watoa huduma wengi wanataka iwe hivyo, na wengine wanakataza kabisa wakala kuweka pesa moja kwa moja kwenye laini ya mtu ambaye hayupo dirishani.

Wateja wengi hawaipendi njia hiyo, kwa kuwa kutuma kuna makato na kuweka hakuna. Kwa hiyo wanamwambia wakala, "Niwekee moja kwa moja kwenye namba yake." Siku ile tulikubali, kama tulivyokuwa tumezoea kukubali. Hilo ni kosa langu mimi mwenye ofisi, si la kijana, na lina uzito zaidi ya nilivyodhani, kwa sababu wakala akiweka moja kwa moja, kwenye kumbukumbu za mfumo mtumaji ni wakala. Mteja hayumo kabisa. Likitokea la kutokea hawezi kuomba muamala urudishwe, kwa kuwa si wake.

Jambo jingine la kujua mapema ni menyu yenyewe. Wakala anaingiza namba ya mpokeaji, anaingiza kiasi, kisha skrini inamwonyesha jina lililosajiliwa na kumtaka aweke namba ya siri. Kipindi hicho hakidumu. Ukikaa bila kubonyeza kitu menyu inajifunga na unaanza upya. Foleni ikiwa ndefu, jina linatokea wakati ambao wakala ana haraka kuliko wakati wote.

Mazungumzo ya dirishani

Mazungumzo haya nimeyapanga kutokana na maelezo ya kijana, ya mteja, na yale niliyoyasikia mwenyewe nikiwa nimekaa nyuma.

Kijana: Shikamoo mama.

Mteja: Marahaba mwanangu. Nataka kumtumia mtu pesa. Laki mbili na arobaini.

Kijana: Laki mbili na elfu arobaini. Ya kutolea imo humo humo au unaongeza?

Mteja: Imo humo humo.

Kijana: Haya, nihesabu.

Akazihesabu mara mbili, mara ya pili akizigeuza noti upande wa pili. Zikatimia 240,000. Akaziweka pembeni, hakuziingiza kwenye droo.

Kijana: Namba, mama?

Mteja akampigia muuza mbao. Hakuwa ameihifadhi namba ya pesa, kwa sababu yule bwana alikuwa na laini mbili, moja ya kuongelea na nyingine ya kupokelea. Muuza mbao akawa anataja, mama anarudia kwa sauti, kijana anabonyeza.

Mteja: ... nne mbili ...

Kijana: Nne mbili, yaani nne nne?

Mteja: Ehe, nne nne. Haya baba, endelea. Sita mbili ...

Kijana: Sita mbili.

Mama akamalizia tarakimu zilizobaki, akamshukuru yule bwana, akakata simu.

Kijana: Narudia mama. ... nne nne, sita mbili ... Ndiyo?

Mteja: Ndiyo hiyo hiyo.

Kijana akaingiza kiasi. Jina likatokea.

Kijana: Jina limekuja la mwanamke, [jina la kwanza na la ukoo]. Ndiyo yeye?

Mteja: Mwanamke? Atakuwa mkewe huyo. Tuma tu baba, gari linapakia.

Kijana akaweka namba ya siri. Ujumbe wa uthibitisho ukaingia, akamsomea mama, mama akaondoka dirishani akiwa ameridhika.

Dakika zilizofuata

Baada ya kama dakika tano mama akarudi. Muuza mbao anasema hajaona kitu. Kijana akamjibu kwamba labda mtandao unasumbua, asubiri kidogo. Mama akasubiri, akapiga tena, akaambiwa bado. Kijana akamhudumia mteja mwingine, kisha mwingine. Zilipita dakika 18 tangu pesa itumwe ndipo nilipoinuka na kuuliza kuna nini.

Nilimwomba mama apige simu, nikaongea na muuza mbao mwenyewe. Nikamwambia asinitajie namba kwa mkupuo, anitajie moja baada ya nyingine, na mimi nikawa naandika kwenye karatasi. Alipofika katikati akasema, "Nne. Nne. Sita. Mbili." Nikamtazama kijana. Yeye alikuwa ameandika 4466. Namba ya muuza mbao ilikuwa 4462.

Mwanzoni kabisa, alipokuwa anamtajia mama, muuza mbao alisema "nne mbili" akimaanisha nne zilizo mbili. Alipofika sita akasema "sita", akanyamaza kidogo, ndipo akasema "mbili". Huo unyamavu mdogo haukuvuka kutoka simu ya mama hadi dirishani. Mama alirudia maneno aliyoyasikia, lakini kwa mwendo mmoja. Kijana naye alikuwa ametoka kufundishwa, sekunde chache tu nyuma, kwamba mama huyu akisema "nne mbili" ana maana ya nne nne. Aliposikia "sita mbili" hakuona tena haja ya kuuliza.

Maamuzi, na kwa nini

Kijana alitaka ampigie papo hapo yule mwanamke aliyepokea, amweleze kwa upole, amwombe arudishe. Mama naye alitaka namba ile ampigie mwenyewe, na kaka yake asimame pembeni. Nilikataa yote mawili.

Sababu ya kwanza ni mpangilio wa muda. Pesa ikiwa bado iko kwenye laini, mtoa huduma anaweza kuizuia isitoke wakati madai yanachunguzwa. Ikishatolewa au kutumwa kwingine, hakuna cha kuzuia. Simu ya mgeni anayesema "umepata pesa yangu kwa makosa" inamjulisha mtu asiye mwaminifu kwamba akitaka kuitoa aitoe sasa. Mwaminifu hapotezi kitu tukichelewa kumpigia. Kwa hiyo kituo cha huduma kwa wateja kilikuwa cha kwanza.

Sababu ya pili ni kwamba namba na jina la yule mwanamke tuliviona kwa sababu ya kazi. Kumkabidhi mteja mwenye hasira namba ya mtu ambaye hajafanya kosa lolote si haki, hata kama mteja ana haki ya kukasirika.

Simu ilipigwa kutoka laini ya uwakala, kwa kuwa ndiyo iliyotuma. Waliuliza namba ya kumbukumbu ya muamala, kiasi, saa, namba iliyopokea na namba iliyokusudiwa. Hiyo ya mwisho ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Namba mbili zinazotofautiana tarakimu moja zinaonyesha kosa la kubonyeza. Mbili zisizofanana kabisa zinaweza kuonyesha mtu aliyelipa akajuta, na madai ya namna hiyo huchukuliwa tofauti. Hadi wanatuambia wameizuia, nusu saa ilikuwa imepita tangu pesa itoke.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wa kumtumia muuza mbao 240,000 nyingine kutoka kwenye floti yangu ili gari liondoke. Sikufanya hivyo. Sikujua bado ni kiasi gani kimebaki kwenye ile laini, na floti ya siku ile ilikuwa inahitajika na watu wengine waliokuwa kwenye foleni. Nilimwomba tu muuza mbao azitenge mbao. Alikubali, ila gari halikumsubiri mama.

Matokeo

Iliyozuiwa ilikuwa 165,000. Iliyobaki, 75,000, ilikuwa imeshatoka. Baada ya siku tatu ile 165,000 ilirudi kwenye laini ya uwakala.

Yule mwanamke alipatikana kwa kupitia mtoa huduma na akakubali tuongee. Siku ile alikuwa anasubiri zamu yake ya upatu. Pesa ilipoingia, na kiasi kikiwa hakipo mbali na alichotarajia, hakusoma jina la mtumaji. Akalipa deni palepale. Alipoelezwa hakubisha. Alirudisha 40,000 baada ya wiki mbili, na 35,000 iliyobaki hadi naandika hajaweza.

Mama nilimlipa zote 240,000 siku ile ile 165,000 iliporudi. Niliona kwamba dirisha ni langu, na utaratibu uliovuja ni wangu. Kijana sikumkata mshahara. Najua mawakala wengi wangemkata, na naelewa sababu, kwa kuwa kamisheni ya miamala ya aina hii ni ndogo na 75,000 inameza kazi ya siku nyingi. Lakini ukimkata kijana kwa kosa la kusikia, mara nyingine akikosea ataficha, na sisi tulipoteza dakika 18 bila hata mtu kuficha.

Uchambuzi: nani alikuwa shahidi?

Vitu vitatu vilihakikiwa siku ile. Kimoja kilihakikiwa kweli, viwili vilihakikiwa kwa maneno tu. Tofauti yao ni kama kulikuwa na kitu kingine, nje ya maneno ya mteja na wakala, cha kulinganisha nacho, na kama tulikisikiliza.

Kiasi kilikuwa na shahidi: noti zilizolala mezani. Mama alisema "laki mbili na arobaini", maneno ambayo kwa ukali wa hesabu yanaweza kusomeka 200,040. Kiswahili chetu cha pesa kimejaa mitego ya namna hii, "elfu ishirini na tano" ni mfano mwingine. Kijana akalitengeneza neno, "laki mbili na *elfu* arobaini", kisha akahesabu, na noti zikakubaliana na maneno. Kama mama angekuwa amekosea kusema, noti zingemsuta. Swali la ya kutolea nalo lilikuwa zuri, kwa kuwa mteja aliyesema kiasi anaweza kuwa na maana ya kinachotoka mkononi mwake au ya kinachofika mkononi mwa mwenzake.

Namba haikuwa na shahidi. Hapa ndipo nataka msomaji akae kidogo. Kijana aliirudia namba, na kurudia ndiko tunakofundishwa wote. Lakini alirudia *maneno* ya mama. Yeye kichwani alikuwa na 66, mama kichwani alikuwa na kile alichosikia kwenye simu, na wote wawili wakatamka "sita mbili" wakakubaliana kabisa. Walikubaliana sauti. Namba hawakukubaliana.

Hili ni la lugha yetu hasa. Kwa Kiswahili idadi hufuata kitu kinachohesabiwa, kwa hiyo "sita mbili" ni sita ikifuatwa na mbili, na vile vile ni sita zilizo mbili. Yote ni Kiswahili sahihi, na mtu mmoja anaweza kutumia yote mawili ndani ya namba moja, kama alivyofanya muuza mbao. Ubaya wake mkubwa ni kwamba 62 na 66 zote zina tarakimu mbili, kwa hiyo kuhesabu kama namba imetimia hakukamati kosa. "Sifuri tatu" ingekamatwa, maana 03 na 000 hazina urefu mmoja. Jozi haikamatwi.

Mfumo nao hauwezi kusaidia. Namba ya kadi ya benki ina tarakimu ya mwisho inayokokotolewa kutokana na zile zilizotangulia, ndiyo maana ukikosea tarakimu moja mashine inaikataa. Namba ya simu haina kitu hicho. Ukikosea tarakimu moja unapata namba nyingine nzima, na mara nyingi ina mwenyewe, tena imesajiliwa kwa huduma ya pesa.

Jina ndilo linaloniuma. Lilikuwa na shahidi mzuri kuliko vyote: mfumo ulisema wazi kwamba laini ni ya mwanamke, na mteja alikuwa anamtumia mwanamume. Shahidi huyo alisimama akasema, na sisi tukamnyamazisha. Swali la kijana, "Jina limekuja la fulani, ndiyo yeye?", lilimpa mteja jibu kabla hajaulizwa. Mtu mwenye haraka akipewa jina haulizi kama ni sahihi, anatafuta sababu ya kulifanya liwe sahihi. Mama aliipata kwa sekunde moja: atakuwa mkewe. Na si sababu ya kipuuzi. Laini nyingi kweli zimesajiliwa kwa jina la mke, kaka au mzazi, na kila wakala ameona hilo mara nyingi kiasi kwamba jina lisilofanana halimshtui tena. Nadhani hata mimi ningekuwa nimekaa dirishani ningetuma.

Kuna kosa jingine lililojificha nyuma ya hilo. Jina liliulizwa wakati menyu iko wazi na karibu kujifunga. Kijana aliniambia baadaye kwamba alisita, kisha akaona kipindi kinaisha na watu wamepanga foleni. Swali lolote linalohitaji kufikiri haliwezi kuulizwa hapo.

Dakika 18 za "labda mtandao" ni kosa letu la mwisho. Ujumbe wa uthibitisho ulikuwa umeshaingia kwenye simu ya kijana, wenye jina na namba ya aliyepokea. Ujumbe huo ukishaingia, pesa imefika mahali. Kama mpokeaji hajaiona, jambo la kwanza kuamini ni kwamba imefika kwa mtu mwingine, na jambo la kwanza kufanya ni kuilinganisha namba iliyo kwenye ujumbe, tarakimu kwa tarakimu, na namba ya mpokeaji. Sina uhakika kwamba tungewahi zile 75,000, kwa sababu deni lililipwa mapema. Lakini nafasi hiyo tuliitupa.

Tulivyobadilisha mazungumzo

Jambo la kwanza: mteja mwenye laini yake anaweka kwenye laini yake na kutuma mwenyewe, na tunamweleza kwamba makato anayolipa yanampa haki ya kuwa yeye ndiye mtumaji. Anayetutaka tufanye vinginevyo tunamwambia hapana, ingawa wengine wanaondoka. Hata hivyo wengi wanatuomba tuwashikie simu, tuwasomee, tuwaandikie namba, kwa hiyo mazungumzo yenyewe bado ni kazi yetu.

Sasa jina linaulizwa mwanzo, kabla menyu haijafunguliwa, na anayelitaja ni mteja. Wakala halitamki jina la kwenye skrini hadi awe ameshalisikia kutoka kwa mteja. Huu ni mfano wa mazungumzo ya baadaye, ya kijana yule yule na mzee mmoja aliyekuwa anamtumia mwanawe.

Kijana: Shikamoo mzee. Unamtumia nani?

Mteja: Marahaba. Kijana wangu, yuko chuo.

Kijana: Laini yake imesajiliwa kwa majina gani?

Mteja: Si majina yake?

Kijana: Huenda. Wengine wametumia kitambulisho cha ndugu. Tumpigie umuulize.

Mzee akapiga, akauliza. Laini ilikuwa ya dada yake mkubwa. Kijana akaandika jina la dada huyo kwenye kipande cha karatasi.

Kijana: Sasa namba. Mwambie akutumie kwa meseji.

Meseji ikaja. Kijana akainakili kwenye ile karatasi kwa tarakimu kubwa, akampa mzee.

Kijana: Nisomee wewe, mzee, moja moja. Zikifuatana mbili za aina moja, zitaje zote mbili.

Mzee akasoma, kijana akafuatisha kwa kidole kwenye meseji yenyewe. Ndipo mzee akaweka pesa kwenye laini yake, menyu ikafunguliwa, na jina lilipotokea likalinganishwa na lililoandikwa. Lilifanana. Hakuna aliyelitamka, hivyo watu wa kwenye foleni hawakusikia nani anatumiwa nini.

Karatasi ile ndiyo moyo wa utaratibu wote. Imebadilisha njia ambayo namba inapitia: imekuja kwa maandishi, ikanakiliwa, ikasomwa kwa mdomo wa mtu mwingine. Anayekagua hasikii tena maneno yake yakimrudia. Kwa mteja asiyesoma, mpokeaji anaombwa apige simu kwa kutumia laini ile ile ya kupokelea, halafu namba inachukuliwa kwenye orodha ya simu zilizoingia. Kama ikibidi namba itajwe kwa mdomo, tunakataza jozi. Ni "sita, sita" au "sita, mbili".

Utaratibu huu usipofika

Umetengenezwa kukamata kosa. Haukamati utapeli, na ni vizuri wakala asichanganye hayo mawili. Tapeli anayetuma ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" huongeza mwenyewe "jina litakuja la fulani". Mteja wake atalitaja jina vizuri, skrini itakubali, karatasi itafanana, na pesa itaibiwa kwa utaratibu kamili. Kwa mteja wa namna hiyo swali lenye faida ni jingine kabisa: namba hii umeipata lini, na umemsikia mwenyewe kwa sauti yake? Akijibu kwamba imekuja kwa meseji leo asubuhi na hajaongea na mtu, tunamwomba ampigie huyo anayemdhania kwa namba yake ya zamani, ile aliyoizoea.

Halafu kuna muda. Mazungumzo mapya yanaongeza kama dakika moja kwa mteja, zaidi pale mpokeaji asipopokea simu. Mwisho wa mwezi foleni inapofika barabarani, nimemwona kijana akianza tena kurudia namba kwa mdomo, bila karatasi, na nimelazimika kuinuka. Bado sijapata njia ya kuufanya utaratibu huu ujilinde wenyewe siku hizo, isipokuwa mimi kukaa pale dirishani pamoja naye, mmoja akiandika na mwingine akihudumia.

Yule mama bado ni mteja wetu. Mara ya kwanza aliporudi alikuwa ameihifadhi namba ya pesa ya muuza mbao kwenye simu yake, na jina lililosajiliwa ameliandika pembeni. Lilikuwa la kaka wa muuza mbao. Hata tungetuma sawasawa siku ile, jina lisingefanana na la muuza mbao.